Jumla sawa, akaunti za wengine: kisa cha orodha ya malipo ya korosho

Kisa hiki kilitokea katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho mkoani Mtwara. Chama na watu wake siwataji, na namba za stakabadhi nimezibadilisha, lakini mpangilio wa jedwali ni ule ule, kwa sababu tatizo lote limo humo.

Msimu wa korosho una mwendo wake. Mkulima analeta magunia chamani, yanapimwa, karani anamwandikia stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada. Mnada ukipita na mnunuzi akalipa, chama kinaandaa orodha ya malipo: nani, kilo ngapi, baada ya makato anabaki na kiasi gani, na fedha ziingie akaunti ipi. Orodha hiyo ndiyo inayokwenda benki. Ikiwa na kosa, kosa hilo linaingia kwenye akaunti ya mtu.

Karani alikuwa ameiandaa orodha hiyo kwenye Excel. Mstari mmoja ulikuwa wa stakabadhi moja, kwa hiyo mkulima aliyepima mara tatu alikuwa na mistari mitatu. Safu zilikuwa hivi: A namba ya mwanachama, B jina, C tarehe, D namba ya stakabadhi, E kilo, F malipo halisi. Kisha safu ya G ilikuwa tupu, nyembamba, imeachwa tu ili upande wa mzigo na upande wa benki vionekane vimetengana. Baada yake zikaja H jina la benki na I namba ya akaunti.

Siku moja kabla ya kupeleka benki, mwenyekiti aliomba orodha ipangwe kwa alfabeti ya majina ili iwe rahisi kuisoma mbele ya wajumbe. Karani akabofya seli moja kwenye safu ya majina, akabonyeza kitufe cha A hadi Z, majina yakajipanga. Hakuna onyo lililotokea. Akahifadhi, akafunga faili, akachapisha.

Aliyegundua ni mjumbe mmoja wa bodi, mkulima mwenyewe, aliyetafuta jina lake kwenye karatasi na kukuta kilo zake ni sahihi, fedha ni sahihi, lakini akaunti inaishia na tarakimu asizozijua. Mwenzake aliyekaa pembeni akaangalia yake: naye hivyo hivyo. Hapo ndipo kikao kilipoahirishwa, na hapo ndipo nilipoitwa.

Jambo la kwanza nililotaka kulielewa ni kwa nini Excel haikulalamika. Wengi wanajua lile dirisha la Sort Warning lenye chaguo mbili, Expand the selection na Continue with the current selection, na wanadhani linawalinda wakati wote. Haliko hivyo. Dirisha hilo linatokea pale mtu anapotia kivuli sehemu ya safu moja ambayo pembeni yake kuna data. Ukibofya seli moja tu, kama alivyofanya karani, Excel haiulizi kitu. Inaamua yenyewe jedwali linaanzia wapi na kuishia wapi. Inatanuka kutoka kwenye seli hiyo kwenda pande zote mpaka ikutane na mstari mtupu au safu tupu, na hapo inasimama. Kwa Excel, safu ya G ilikuwa ukuta. Kilichokuwa kushoto kwake, A hadi F, kilikuwa jedwali moja. H na I lilikuwa jedwali jingine lisilohusika.

Kwa hiyo majina yalihama pamoja na kilo na fedha zake, sawasawa kabisa. Akaunti zilibaki palepale zilipokuwa, katika mpangilio wa zamani wa stakabadhi.

Kuna njia ya haraka ya kuona mpaka huo kabla ya kupanga chochote: bofya seli yoyote ndani ya jedwali, kisha bonyeza Ctrl+Shift+8. Excel itatia kivuli eneo lile lile ambalo ingelichukua kwa kupanga. Kama kivuli kinaishia katikati ya data yako, usipange. Mpaka huo huo ndio unaotumika pia unapowasha Filter ukiwa kwenye seli moja: mistari iliyo chini ya mstari mtupu inabaki nje ya kichujio, na mtu anayechuja hudhani ameona wote.

Jambo la pili lilihusu ukaguzi. Karani hakuwa mzembe. Baada ya kupanga alikagua kama alivyofundishwa: jumla ya kilo ililingana na kilo zilizopokelewa ghalani, jumla ya malipo ililingana na fedha iliyoletwa, na idadi ya mistari ya majina ililingana na idadi ya akaunti, 186 kwa 186. Vyote vilikubali. Nadhani hili ndilo lililowatia watu wasiwasi zaidi pale ofisini, kwamba ukaguzi ulifanyika na bado orodha ilikuwa imevurugika.

Ukweli ni kwamba jumla haiwezi kugundua mvurugiko wa namna hii. Kupanga hakuongezi namba wala hakupunguzi, kunazihamisha. Kujumlisha hakujali nani yuko mstari upi. Kinachohitajika ni hesabu inayofunga vitu viwili vya mstari mmoja pamoja, ili mmoja ukihama bila mwenzake jibu libadilike. Chukua wanachama wanne wa mfano, namba 101, 102, 103 na 104, wenye kilo 310, 85, 142 na 510. Jumla ya kilo ni 1,047. Ukizidisha kila namba ya mwanachama kwa kilo zake na kujumlisha majibu, unapata 107,646. Sasa ipange safu ya kilo peke yake kutoka ndogo kwenda kubwa, namba za wanachama zibaki: jumla ya kilo bado ni 1,047, lakini ile hesabu ya kuzidisha inakuwa 108,039. Na ukiipanga orodha nzima vizuri, mistari ikiwa mizima, inabaki 107,646 hata ukiigeuza chini juu.

Kwa akaunti tulitumia tarakimu nne za mwisho, kwa kuwa akaunti zenyewe zilihifadhiwa kama maandishi ili sifuri ya mwanzo isipotee:

```
=SUMPRODUCT(A2:A187,--RIGHT(I2:I187,4))
```

Fomula hii inataka kila seli ya I iwe na akaunti. Moja ikiwa tupu, inatoa kosa. Pia inafaa tu kama imehesabiwa kabla ya kupanga na ikahesabiwa tena baada ya kupanga. Haikuambii kama orodha ilikuwa sahihi tangu mwanzo, inakuambia tu kama mistari imebaki mizima. Na kama kuna bahati mbaya isiyo ya kawaida, mivurugiko miwili inaweza kufidiana na kutoa jibu lile lile. Kwa kazi ya orodha ya malipo, hata hivyo, inatosha kabisa kumsimamisha mtu kabla hajaenda benki.

Kwao ilikuwa tayari imechelewa. Faili lilikuwa limefungwa, kwa hiyo Ctrl+Z haikuwa na kitu cha kurudisha. Lilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi tu, bila nakala ya siku iliyotangulia. Swali likawa: je, mpangilio wa zamani bado umeandikwa mahali fulani ndani ya orodha yenyewe?

Ulikuwepo. Akaunti hazikuhama, zilibaki katika mpangilio wa kuingizwa, na mistari iliingizwa kwa kufuata kitabu cha stakabadhi. Safu ya D, namba ya stakabadhi, ilikuwa upande wa kushoto, imehama pamoja na majina. Maana yake ukipanga A hadi F kwa safu ya D, ndogo kwenda kubwa, upande wa kushoto unarudi ulipokuwa na kukutana tena na akaunti zake. Hilo liliwezekana kwa sababu chama kilikuwa na mzani mmoja na kitabu kimoja. Kama kungekuwa na mizani miwili, kila mmoja na kitabu chake, na karani akaingiza stakabadhi kwa kuchanganya, safu ya D peke yake isingerudisha mpangilio. Ingetoa kitabu cha kwanza chote kisha cha pili. Pia ilisaidia kwamba namba zilikuwa tarakimu halisi. Namba zikihifadhiwa kama maandishi, 1000 inaweza kutangulia 999, kwa sababu maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kutoka kushoto.

Tulifanya nakala ya faili kwanza, tukaiweka pembeni bila kuigusa. Halafu, kabla ya kupanga, tukatengeneza kipimo. Chama kilikuwa na daftari la wanachama la msimu uliopita, kwenye karatasi nyingine ya faili lile lile, iitwayo Daftari, lenye namba ya mwanachama safu ya kwanza na akaunti safu ya sita. Kwenye safu ya K ya orodha tukaandika hivi na kuishusha mpaka chini:

```
=VLOOKUP(A2,Daftari!$A$2:$F$600,6,FALSE)=I2
```

Inauliza swali moja kwa kila mstari: akaunti ya mwanachama huyu kwenye daftari ni sawa na iliyo mbele yake hapa? Majibu ni matatu. TRUE ni kwamba zinalingana. FALSE ni kwamba hazilingani. #N/A ni kwamba mwanachama huyu hayumo kwenye daftari, yaani ni mgeni wa msimu huu. Lakini hakikisha kwanza akaunti za pande zote mbili zimehifadhiwa kwa namna moja. Kama upande mmoja ni maandishi na mwingine ni tarakimu, utapata FALSE mstari baada ya mstari hata pale namba zinapofanana kwa macho, na utakwenda kutafuta mvurugiko ambao haupo.

Kabla ya kurekebisha, safu ya K ilikuwa FALSE karibu yote, na TRUE mojamoja zilizotapakaa bila utaratibu, za watu ambao kwa bahati tu alfabeti iliwarudisha palepale. Kisha tukapanga A hadi F kwa stakabadhi, na K ikabadilika mbele ya macho yetu. Kuanzia mstari wa 2 mpaka wa 114, kila aliyekuwemo kwenye daftari alikuwa TRUE, isipokuwa mmoja. Watu wakaanza kupumua. Lakini kuanzia mstari wa 115 kwenda chini, FALSE ilianza tena na haikuisha.

Mtu angeweza kusema hapa kwamba njia imeshindwa. Mimi naona picha hiyo ya FALSE ilikuwa na habari nzuri ndani yake. Mvurugiko wa kupanga hutawanya makosa huku na huko. Makosa yanayoanza mstari mmoja na kuendelea bila kukatika mpaka mwisho ni ya aina nyingine: upande mmoja umesogea kwa mstari mmoja. Ndani ya FALSE hizo kulikuwa na TRUE chache, na zilituthibitishia jambo hilo, kwa sababu kila moja ilikuwa ya mkulima aliyepima mara mbili mfululizo. Ukisogeza mstari mmoja, stakabadhi yake ya pili inakutana na akaunti ya stakabadhi yake ya kwanza, na akaunti ni ile ile.

Stakabadhi za orodha hiyo zilianzia 2201. Tulipotoa kila namba kutoka kwa inayofuata, tofauti ilikuwa 1 kila mahali isipokuwa mahali pamoja: 2313 ilifuatwa na 2315. Stakabadhi 2314 haikuwepo. Karani akakumbuka mara moja. Mzigo huo ulikuwa na unyevu, mkulima akarudishiwa magunia yake akayaanike upya, na stakabadhi ikafutwa. Karani alitia kivuli seli zake kuanzia A hadi F, akachagua Delete, na Excel ilipouliza akachagua Shift cells up. Upande wa kushoto ukapanda mstari mmoja. H na I zikabaki. Chini kabisa ikaonekana benki na akaunti bila jina, akadhani ni masalia ya orodha ya zamani, akazifuta. Ndiyo maana idadi zililingana, 186 kwa 186.

Kwa hiyo kulikuwa na majeraha mawili, moja juu ya jingine, na la kwanza lilikuwapo hata kabla mwenyekiti hajaomba alfabeti. Orodha ile ingekwenda benki bila kupangwa, bado wakulima wa zaidi ya theluthi ya mwisho ya kitabu wangekuwa na akaunti za wenzao. Hii ndiyo sababu sipendi watu wakiamini kwamba hatari ni kitufe cha Sort peke yake. Kufuta seli badala ya mstari mzima, au kuingiza seli badala ya mstari mzima, kunatenganisha vitu vya mtu mmoja vilevile, tena kimyakimya zaidi. Njia salama ni kubofya namba ya mstari pembeni kushoto, mstari wote ukapata kivuli, ndipo ufute.

Tuliingiza seli tupu kwenye A hadi F za mstari wa 115 kwa Insert na Shift cells down, upande wa kushoto ukashuka. Badala ya kuuacha mstari huo mtupu tuliandika namba ya mwanachama, stakabadhi 2314, kilo 0, malipo 0, na kwenye safu ya J neno "imefutwa". Stakabadhi iliyofutwa ni bora ionekane kwenye orodha kuliko kuacha pengo lisiloelezwa. Kitabu cha karatasi nacho kina nakala yake iliyochorwa mstari. Mstari wa mwisho, wa 188, sasa ulikuwa na jina lakini hauna akaunti, ile iliyofutwa kama masalia. Tuliichukua kwenye daftari.

Kwa kuwa kushusha seli za A hadi F kulikuwa kumesogeza na marejeo ya fomula za K, tuliishusha upya fomula ya K2 mpaka mstari wa 188. Safu ya K ikawa TRUE kuanzia juu hadi chini, ukiondoa wageni 21 wenye #N/A na FALSE mbili zilizokaa mbalimbali, moja ikiwa ile iliyojitenga tangu mwanzo. FALSE zinazokaa hivyo, pekepeke, zina maana yake pia: hao walikuwa wakulima wawili waliobadilisha benki kati ya msimu na msimu. Waliitwa, wakaja na kadi zao, na daftari likarekebishwa.

Wageni 21 ndio walikuwa kazi, kwani hao daftari lisingeweza kuwathibitisha. Urejeshaji kwa stakabadhi ulikuwa umewapa akaunti, na kwa kuwa majirani zao wa juu na wa chini walikuwa TRUE, kulikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba na wao wamekaa sawa. Bodi haikutaka kuamini tu, na nilikubaliana nayo. Ikaamuliwa kila mgeni athibitishwe na wajumbe wa kijiji chake.

Hapa kikajitokeza kichujio. Kijana mmoja wa ofisini alifungua Daftari, akachuja kijiji kimoja ili apate wanachama wake wote na kumpa mjumbe, na likatoka jina moja. Kijiji cha pili, jina moja. Ukiliangalia Daftari unaona kwa nini: jina la kijiji lilikuwa limeandikwa mara moja tu, mbele ya mwanachama wa kwanza, na wote waliomfuata waliachiwa seli tupu. Jicho la mtu linasoma nafasi ile tupu kama "huyu naye ni wa kijiji cha juu". Kichujio hakisomi hivyo. Kwake seli tupu ni tupu, na mistari ile inakwenda chini ya jina (Blanks) kwenye orodha ya kichujio. Na kama yule kijana angelipanga Daftari kwa alfabeti badala ya kulichuja, wanachama wangesambaa na kusingekuwa na njia ya kujua nani ni wa wapi. Ni mistari inayohusiana kwa kukaa jirani tu, na ujirani ndio kitu cha kwanza ambacho kupanga kunaondoa.

Dawa yake ni kujaza kijiji kila mstari. Kwa kuwa kijiji kilikuwa safu ya C na seli tupu ya kwanza ilikuwa C3, tulitia kivuli safu hiyo kuanzia C2 mpaka mwanachama wa mwisho, tukabonyeza F5, Special, tukachagua Blanks. Seli tupu zote zikashikwa kwa pamoja. Tukaandika fomula ifuatayo na kumalizia kwa Ctrl+Enter, si Enter ya kawaida:

```
=C2
```

Kila seli tupu ikachukua thamani ya iliyo juu yake. Watu wengi wanaishia hapo, na kwa mtazamo wa skrini kazi imekwisha. Haijaisha. Seli hizo hazina jina la kijiji. Zina agizo la "chukua cha juu yangu". Ukipanga sasa hivi, kila moja itachukua kijiji cha yeyote atakayeangukia juu yake, na utakuwa umewahamisha watu vijiji bila kujua. Lazima safu nzima inakiliwe na kubandikwa papo hapo kwa Paste Special, Values. Baada ya hapo fomula zinaondoka, majina yanabaki. Ukitaka kuhakikisha, bofya seli moja ya katikati na uangalie ule mstari wa fomula juu: uone jina, usione alama ya usawa.

Daftari likachujika. Wajumbe walipoleta majibu, akaunti 21 zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi nyingine, na wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kuchuja #N/A kwenye orodha ya malipo, kunakili akaunti 21 na kuzibandika kwenye mistari 21 inayoonekana. Nililizuia. Excel inaponakili kutoka kwenye eneo lililochujwa, inachukua vinavyoonekana. Inapobandika kwenye eneo lililochujwa, inaweka mfululizo kuanzia seli ya kwanza na kushuka chini, ikijaza hata mistari iliyofichwa na kichujio. Akaunti ya kwanza ingekaa mahali pake, nyingi za zilizofuata zingefunika akaunti za watu wasioonekana. Ukiondoa kichujio ndipo unapoona uharibifu, na wengi hawaondoi mpaka baada ya kuhifadhi.

Badala yake wageni waliongezwa chini ya Daftari, kila mmoja na namba yake, kijiji na akaunti. Safu ya K ikajisasisha yenyewe: #N/A zote 21 zikawa TRUE. Yaani urejeshaji kwa stakabadhi ulikuwa umewaweka wote sawa, na sasa tulikuwa na ushahidi kutoka nje ya orodha.

Baada ya hapo ndipo tukarudi kwenye ombi la mwenyekiti, kwa sababu lilikuwa ombi halali. Wajumbe walitaka orodha inayosomeka: kila mkulima na stakabadhi zake zote pamoja, wakitangulia wenye malipo makubwa. Ukipanga kwa safu ya F tu, stakabadhi tatu za mkulima mmoja zinatawanyika, moja juu, moja katikati, moja chini. Kinachohitajika ni kila mstari ubebe jumla ya mkulima wake, na safu ya G iliyokuwa tupu ikapewa kazi hiyo:

```
=SUMIF($A$2:$A$188,A2,$F$2:$F$188)
```

Mkulima mwenye stakabadhi tatu anapata jumla ile ile kwenye mistari yote mitatu. Alama za dola zinashikilia eneo lisisogee, na A2 ni ya mstari wenyewe, kwa hiyo fomula inaweza kuhama na mstari bila kuharibika. Halafu kwenye dirisha la Sort tukaweka ngazi tatu kwa kutumia Add Level: kwanza G kubwa kwenda ndogo, pili A, tatu D. Ngazi ya pili ndiyo watu huisahau. Wakulima wawili wakiwa na jumla inayolingana, bila ngazi ya namba ya mwanachama mistari yao inachanganyikana, na kwenye karatasi itaonekana kama mtu mmoja anaingiliwa na mwingine.

Safu ya G ilipojaa, ukuta uliondoka. Hata hivyo hatukutegemea hilo peke yake. Tulitia kivuli eneo lote, A hadi J, tukabonyeza Ctrl+T ili liwe jedwali rasmi la Excel. Ndani ya jedwali la namna hiyo, kupanga kunahamisha mstari mzima wa jedwali, hata kama kuna safu tupu katikati. Mpaka wake unaonekana kwa rangi, na safu iliyo nje ya mpaka haihami, kwa hiyo mtu akiongeza safu ya maelezo anapaswa kuiweka iguse jedwali ili limezwe ndani. Wanaotumia Google Sheets wana tofauti inayofanana na hii kwenye menyu: Sort sheet inahamisha mistari mizima ya karatasi yote, Sort range inahamisha ulichotia kivuli tu.

Mwisho tukaondoa sababu yenyewe ya akaunti kupotezana na mwenye nayo. Safu ya I haikuandikwa tena kwa mkono. Ikawa VLOOKUP ile ile, bila swali la usawa mwishoni, inayoita akaunti kutoka Daftari kwa namba ya mwanachama. Ukiupanga mstari unavyotaka, akaunti inatafutwa upya kwa namba iliyo mbele yake, na mwanachama asiyeandikishwa anatoa #N/A badala ya kutoa akaunti ya mtu mwingine. Safu ya H ikafuata vivyo hivyo. Safu ya K ikafutwa, maana haikuwa na la kulinganisha tena. Gharama yake ni kwamba Daftari sasa limebeba kila kitu: akaunti ikiandikwa vibaya mle, itakuwa vibaya kila msimu, kwa hiyo likafungwa kwa nywila na mabadiliko yake yakawa ya watu wawili.

Kwa benki inatengenezwa nakala iliyobandikwa kama Values, bila fomula, bila ile stakabadhi iliyofutwa. Jibu la SUMPRODUCT la nakala hiyo linaandikwa kwa kalamu chini ya karatasi iliyosainiwa na bodi, na anayepakia faili benki analihesabu upya kwenye faili analolipakia kabla hajatuma.